Pesa imetumwa Ijumaa jioni, mbona haijafika? Jinsi benki zinavyohesabu siku

Kila mwisho wa mwezi, swali hili hurudi Kakuma na Kalobeyei. Ofisi imesema imelipa. Mwenzako aliye na akaunti katika benki nyingine tayari amepata. Wewe unaangalia simu Jumamosi, unaangalia Jumapili baada ya ibada, na salio ni lile lile. Mwenye duka anayekukopesha unga na mafuta amekwisha kukuuliza mara mbili, tena kwa heshima: "Mwalimu, si ulisema Ijumaa?" Hapo ndipo maneno huanza kuzunguka, kwamba shirika limekalia pesa ili lipate riba, au kwamba kuna mtu benki anayetaka "chai" ili akufungulie.

Mara nyingi jibu ni rahisi kuliko hayo. Pesa iliondoka kwenye akaunti ya mtumaji, lakini ilikosa gari. Makala hii inakueleza gari hilo ni lipi, linaondoka lini, na utajuaje kama pesa yako inasubiri tu au kama kweli kuna tatizo.

Pesa husafiri kwa makundi

Ukimtumia mtu pesa kwa simu, inafika kabla hujarudisha simu mfukoni. Kwa hiyo wengi wetu tunadhani benki nayo hufanya hivyo. Kuna aina ya malipo ya benki ambayo ni ya papo hapo, na tutaifikia. Lakini posho na mishahara mingi hapa Kenya hutumwa kwa njia inayoitwa EFT, na njia hiyo haitumi malipo moja moja.

Fikiria lori la mizigo linalotoka Kitale kuja Kakuma. Mwenye lori haondoki kwa ajili ya gunia moja. Anakusanya mizigo ya watu wengi, na saa ikifika anafunga turubai na kuondoka. Ukileta gunia lako dakika kumi baadaye, halijapotea wala halijakataliwa. Limewekwa stoo likisubiri lori linalofuata. EFT iko hivyo hivyo. Benki ya mtumaji inakusanya malipo yote ya wateja wake yanayokwenda benki nyingine, na ikifika saa fulani inafunga kundi hilo na kulipeleka katika kituo kimoja ambapo benki zote za Kenya hubadilishana malipo. Kituo hicho kinasimamiwa na Chama cha Mabenki nchini Kenya. Pale malipo yanapangwa upya kwa kila benki inayopokea, kisha kila benki inachukua faili lake, inakagua namba za akaunti, na kuingiza pesa kwa wateja wake.

Kwa nini wasitume moja moja? Kwa sababu benki zinadaiana pande zote mbili. Tuseme leo wateja wa benki ya kwanza wametuma jumla ya shilingi milioni 10 kwa wateja wa benki ya pili, na wale wa pili wametuma milioni 8 kwa wale wa kwanza. Hakuna haja ya kuhamisha milioni 18. Kituo kinapiga hesabu, na benki ya kwanza inatoa milioni 2 tu kutoka kwenye akaunti yake iliyoko Benki Kuu ya Kenya. Hesabu hiyo haiwezi kupigwa mpaka kundi limefungwa. Ndiyo maana lazima kuwe na saa ya mwisho.

Saa hiyo ya mwisho kila benki hujiwekea yenyewe, na huwa mapema kuliko saa ya kufunga mlango wa tawi, kwa sababu wafanyakazi wanahitaji muda wa kukagua faili kabla halijaondoka. Tawi linaweza kuwa wazi hadi saa kumi jioni huku kundi la mwisho la EFT likiwa limefungwa tangu alasiri. Angalia pia jinsi saa inavyoandikwa. Matangazo ya benki hutumia saa za Kiingereza, kwa hiyo ukiona 15:00 au 3.00 p.m., hiyo ni saa tisa alasiri kwetu. Nimewahi kukutana na watu waliofika benki saa tatu asubuhi kwa sababu ya kusoma "3" kwenye karatasi, na wengine waliodhani wana hadi usiku.

Siku ambazo benki haihesabu

Kituo cha kubadilishana malipo hufanya kazi siku za kazi, yaani Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu za umma. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu Jumamosi asubuhi tawi la benki liko wazi, na wakala wa benki pale sokoni anatoa pesa hata Jumapili. Mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: kama benki iko wazi, kwa nini pesa yangu isiingie?

Kile ambacho wakala na mashine ya kutolea pesa wanaweza kukupa ni pesa ambayo tayari iko kwenye akaunti yako. Wao ni mlango wa mwisho tu. Kazi ya kuhamisha pesa kati ya benki na benki inafanyika nyuma yao, na nyuma huko Jumamosi kumefungwa.

Sikukuu nazo zina tabia zake. Kwa sheria ya Kenya, sikukuu ya umma ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake inakuwa mapumziko. Ikiangukia Jumamosi, Jumatatu inabaki siku ya kawaida ya kazi. Idd hutegemea mwezi, kwa hiyo siku yake huthibitishwa kwa tangazo la serikali, wakati mwingine zikiwa zimebaki siku chache sana. Mhasibu aliyepanga kulipa siku fulani anaweza kujikuta siku hiyo imefutwa kwenye kalenda.

Mfano: mwisho wa Mei 2026

Tuufuatilie mfano mmoja hatua kwa hatua. Mwalimu mkimbizi anafundisha shule ya msingi Kalobeyei. Analipwa posho, ile ambayo wengi huita insentivu, kwenye akaunti yake. Shirika linalomlipa lina akaunti katika benki nyingine iliyoko Nairobi. Tuseme saa ya mwisho ya EFT katika benki hiyo ya Nairobi ni saa tisa alasiri.

Ijumaa ni tarehe 29 Mei. Asubuhi mhasibu anaandaa orodha ya malipo ya walimu wote na kuipandisha kwenye mtandao wa benki. Lakini orodha haiondoki kwa mtu mmoja. Katika mashirika mengi lazima mtu wa pili, na wakati mwingine wa tatu, aidhinishe, ili mtu mmoja asiweze kujilipa au kulipa majina hewa. Siku hiyo muidhinishaji yuko kwenye mkutano. Anafungua kompyuta na kuidhinisha saa kumi na dakika hamsini jioni.

Wakati huo huo mambo mawili yanatokea. Akaunti ya shirika inapunguzwa, na mhasibu anapata ujumbe kwamba malipo yamepokelewa. Kwa nia njema kabisa anawaandikia walimu kwenye kundi la WhatsApp: "Tumelipa." Na ni kweli kwa upande wake. Lakini kundi la Ijumaa lilifungwa saa tisa. Orodha ya walimu sasa ni gunia lililo stoo, na lori linalofuata si la kesho.

Jumamosi tarehe 30 si siku ya kazi kwa malipo. Jumapili tarehe 31 vivyo hivyo. Jumatatu tarehe 1 Juni ni Madaraka. Kwa hiyo kundi linalofuata ni la Jumanne tarehe 2 Juni. Siku hiyo faili linakwenda kwenye kituo, linagawanywa, na benki ya mwalimu inalipokea. Kama benki yake ni nyepesi, pesa inaingia Jumanne jioni. Kama inaingiza asubuhi inayofuata, ni Jumatano tarehe 3.

Mwalimu anahesabu Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumatano. Kwake ni karibu wiki. Benki inahesabu Jumanne kuwa siku ya kwanza, na Jumatano siku ya pili. Benki nyingi huwaambia wateja kwamba EFT huchukua siku moja hadi mbili za kazi, na kwa hesabu hiyo hakuna aliyechelewa.

Sasa rudisha saa nyuma. Kama muidhinishaji angebonyeza Ijumaa saa nne asubuhi, je, mwalimu angepata siku ile ile? Huenda. Orodha ingepanda lori la Ijumaa. Lakini kama benki inayopokea ingeliingiza siku ya kazi inayofuata, siku hiyo bado ingekuwa Jumanne. Ndiyo maana Ijumaa asubuhi haitoshi kabla ya wikendi ndefu. Malipo yaliyoidhinishwa Alhamisi tarehe 28 kabla ya saa tisa ndiyo yangekuwa na nafasi nzuri ya kuingia kabla ya wikendi. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa, mnaelewa ninachosema. Siku ya kuandaa orodha haimsaidii mwalimu. Kinachomsaidia ni saa ya kuidhinisha.

Kwa nini mwenzako alipata na wewe bado

Walimu wawili, orodha moja, muidhinishaji mmoja. Mmoja ana pesa Ijumaa usiku na mwingine anasubiri hadi Jumatano. Huu si upendeleo. Yule wa kwanza ana akaunti katika benki ile ile ya shirika. Malipo yake hayakuhitaji kwenda kwenye kituo chochote. Benki ilipunguza tarakimu upande mmoja wa daftari lake na kuongeza upande mwingine.

Kuna pia njia nyingine mbili ambazo hazisubiri lori la EFT. Ya kwanza ni RTGS, ambayo hupitia mfumo wa Benki Kuu na kuhamisha kila malipo peke yake, bila kukusanya. Malipo ya shilingi milioni 1 na zaidi lazima yapite huko. Madogo yanaweza kupita pia, lakini ada yake ni kubwa kiasi kwamba si busara kwa posho ya mtu mmoja. Tena RTGS nayo ina saa za kufungwa na haiendi sikukuu. Ya pili ni Pesalink, iliyoanza 2017, ambayo huhamisha hadi shilingi 999,999 kati ya benki na benki kwa muda mfupi, mchana na usiku, wikendi na sikukuu. Kama ndugu yako aliye Nairobi au Eldoret anataka kukutumia pesa Ijumaa usiku kutoka benki moja hadi nyingine, mwambie achague Pesalink au atume kwa simu. Kwenye programu ya benki njia hizi huonekana zikifuatana, na mtu akibonyeza EFT kwa sababu ada yake iko chini, anakuwa amekuchagulia Jumanne.

Pesa inayotoka nje ina kalenda mbili au tatu juu yake. Dola inayotumwa benki kwa benki kutoka Amerika kwa kawaida hupitia benki kubwa za kule, kwa hiyo sikukuu za Marekani zinahesabiwa hata kama Kenya tunafanya kazi. Mwaka 2026, Jumatatu tarehe 25 Mei ni mojawapo. Saa nazo zinapishana. Mei, ikiwa ni saa kumi na moja jioni ya Ijumaa mjini New York, kwetu tayari ni usiku wa manane kuingia Jumamosi. Ndugu yako anaposema "nimetuma Ijumaa baada ya kazi", huku kwetu mara nyingi maana yake ni Jumatatu au baadaye.

Tahadhari kwa wenye kuuza

Muda huu kati ya "nimetuma" na "imeingia" ndio walaghai wanaoupenda. Mfugaji mmoja anauza mbuzi 8 Ijumaa jioni, kila mmoja shilingi 7,000, jumla 56,000. Mnunuzi amekuja na gari na hana pesa taslimu. Anatoa simu na kumwonyesha ujumbe wa benki: "Mzee wangu, angalia mwenyewe, imetoka." Jina la mfugaji liko pale, kiasi kiko pale.

Hata kama ujumbe huo ni wa kweli, unaonyesha kwamba pesa imetoka upande wa mnunuzi. Hauonyeshi kwamba imefika. Kama ni EFT iliyotumwa baada ya saa ya mwisho, iko stoo hadi siku ya kazi inayofuata, na mtumaji bado anaweza kuiomba benki yake iisimamishe kabla haijaondoka. Kama ujumbe ni wa kughushi, utajua Jumanne, na mbuzi watakuwa wameshafika mbali. Kinachothibitisha malipo ni salio lako mwenyewe, ulilolifungua kwa simu yako au kwa wakala. Usitosheke hata na ujumbe mfupi uliokuja kwenye simu yako, maana huo nao huigizwa. Mnunuzi mwenye haraka ya kweli anaweza kutumia Pesalink au pesa ya simu, na mtaona salio likibadilika mkiwa mmesimama hapo hapo.

Na kwa wanaosubiri posho: hakuna mtu wa benki, wakala wala mfanyakazi wa shirika anayeweza kuharakisha kundi ambalo halijaondoka. Anayekuomba hela kidogo, au namba yako ya siri, ili "aisukume" anakuibia.

Lini usubiri, na lini ulalamike

Muulize mtumaji mambo matatu: ilitumwa kwa njia gani, iliidhinishwa siku gani na saa ngapi, na namba ya muamala ni ipi. Swali la pili ndilo gumu kujibiwa, maana wengi watakupa siku waliyoandaa orodha. Sisitiza saa ya idhini. Ukiipata, siku yako ya kwanza ni siku ya kazi ambayo malipo yaliwahi kundi lake. Ongeza siku moja ya kazi. Mpaka mwisho wa siku hiyo ya pili, subiri, na mwonyeshe mwenye duka hesabu hiyo kwenye kalenda badala ya kumpa ahadi ya kesho.

Siku ya pili ya kazi ikipita na pesa haipo, hiyo haielezwi tena na wikendi. Sababu inayoonekana mara nyingi ni namba ya akaunti yenye tarakimu moja iliyokosewa, au akaunti iliyolala kwa sababu haijatumika muda mrefu, au jina lililoandikwa tofauti na lile la kitambulisho chako cha mkimbizi. Hili la jina linatukumba sana, kwa sababu majina yetu huandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye kitambulisho, mwingine kwenye orodha ya kazi, na mwingine tena benki. Benki yako inapokataa malipo kama hayo, inayarudisha kwenye kituo, na yanapanda lori kurudi kwa mtumaji. Safari hiyo ya kurudi nayo inahesabiwa kwa siku za kazi. Kisha mhasibu lazima aone kwamba yamerudi, arekebishe, aombe idhini upya na kutuma tena. Posho ya Ijumaa tarehe 29 Mei iliyokataliwa Jumatano tarehe 3 Juni inaweza kukupeleka hadi wiki inayofuata.

Kwa hiyo siku ya tatu ya kazi usianze na benki yako. Benki haiwezi kutafuta pesa ambayo haikuikubali. Nenda kwa mhasibu wa shirika na namba ya muamala, umwombe aangalie kama malipo yamerudi kwenye akaunti yao, na uende na karatasi au kadi ya benki inayoonyesha jina lako na namba ya akaunti vilivyoandikwa kama benki inavyoviandika. Kama hayajarudi, namba hiyo ya muamala ndiyo benki ya mtumaji itakayoitumia kufuatilia faili lilikwenda wapi, na ombi hilo la kufuatilia hulifungua mtumaji, kwa sababu yeye ndiye mteja wa benki hiyo.